Tangazo Moja, Kamera Mbili: Kuunganisha Video ya Simu na Ile ya Akili Mnemba

Matangazo mengi ya biashara ndogo siku hizi yana sehemu mtazamaji anayoihisi ikibadilika hata kama hawezi kusema kilichobadilika ni nini. Mwanzoni anaona jiko la kweli, mikono ya kweli, sufuria lenye alama ya moshi chini. Ghafla kinakuja kipande laini kupita kiasi, jua limeshuka, rangi zimekolea, kamera inaelea angani bila kutikisika. Baada ya sekunde mbili jiko linarudi. Mtazamaji hakosoi wala halalamiki, anasogeza kidole tu na kwenda kwenye video nyingine. Aliyelitengeneza anabaki akidhani tatizo lilikuwa ubora wa kile kipande cha akili mnemba. Mara nyingi kipande hakikuwa na ubaya wowote, ila hakikufanana na jirani zake.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Ni tangazo la sekunde 20 la viungo vya chai: iliki, mdalasini, karafuu, tangawizi kavu na pilipili manga, vilivyosagwa na kufungwa kwenye pakiti. Mwenye biashara yuko Dar es Salaam, ana simu nzuri, jiko lenye dirisha kubwa upande wa kushoto, na baraza la kukalia jioni. Anataka vipande vinane. Sita atavipiga mwenyewe: mikono ikimimina viungo kwenye kinu, mchi ukipanda na kushuka, sufuria likichemka, mvuke ukitoka kwenye kikombe, mtu akinywa barazani, na mwisho pakiti yenyewe juu ya meza. Viwili hawezi kuvipiga. Cha kwanza ni kamera ikiwa ndani ya kinu, viungo vikianguka kuelekea kwake. Cha pili ni shamba la mikarafuu Pemba alfajiri, ukungu ukipita kati ya miti. Hivyo viwili ndivyo vitakavyotoka kwa akili mnemba, na kwa pamoja havizidi sekunde tano za tangazo zima.

Uwiano huo una sababu yake. Video ya simu ndiyo inayoongoza, na ya kubuniwa inaifuata. Anayeanza kwa kutengeneza vipande vizuri vya akili mnemba kisha akajaribu kupiga simu ili ifanane navyo anajipa kazi isiyo na mwisho, maana simu ina kihisi kidogo, lenzi moja au mbili zinazofaa, na mwanga uliopo tu. Zana za kubuni video zinaweza kuelekezwa, jiko haliwezi. Kwa hiyo kazi kubwa ya kufanya maungio yasionekane inaanza siku ya kupiga, kabla hata zana ya kubuni haijafunguliwa.

Jambo la kwanza ni mwendo. Video ni picha zilizotulia zinazopita haraka, na kila picha huitwa fremu. Simu nyingi zikiachwa zilivyo hurekodi fremu 30 kwa sekunde. Zana nyingi za kubuni video, Veo ya Google ikiwa mojawapo, hutoa fremu 24. Ukiviweka vyote kwenye mradi mmoja bila kufikiri, programu ya kuhariri italazimika kusawazisha. Mradi ukiwa wa fremu 24, itatupa fremu moja katika kila tano za simu, na mchi unaopanda na kushuka utaonekana kukwamakwama. Mradi ukiwa wa fremu 30, itarudia fremu moja baada ya kila nne za kipande cha kubuniwa, na ukungu unaopaswa kuteleza utakuwa unashtuka. Jicho halihesabu fremu, lakini linaushika mshtuko huo mara moja.

Dawa rahisi ni kurekodi simu kwa fremu 24 tangu mwanzo. Kama programu ya kamera iliyokuja na simu haina chaguo hilo, ipo Blackmagic Camera, ya bure, iliyotoka kwa iPhone mwaka 2023 na kwa baadhi ya simu za Android mwaka 2024, nayo inaruhusu kuchagua fremu, kasi ya shata na mizani ya rangi nyeupe kwa mkono. Simu isiyoweza kabisa kushuka chini ya fremu 30 nayo ina njia. Vipande vya kubuniwa huwa na tabia ya kwenda polepole kuliko maisha halisi, hivyo unaweza kukiambia kipande cha fremu 24 kichezwe kwa fremu 30 bila kuongeza wala kupunguza hata moja. Kipande cha sekunde 8 kina fremu 192. Kikichezwa kwa 30 kitadumu sekunde 6.4. Ukungu na viungo vinavyoanguka vitaenda haraka kidogo, na mara nyingi wepesi huo ndio unaoviweka sawa na uzito wa vitu halisi. Kwa mtu anayetembea hila hii haifai, maana ataonekana ana haraka isiyo na maana.

Ndani ya mwendo kuna kitu kingine kinachosahaulika zaidi ya fremu, nacho ni ukungu wa mwendo, yaani ile hali ya kitu kinachokwenda haraka kuacha mfifio nyuma yake. Kamera za sinema kwa desturi huacha shata wazi kwa nusu ya muda wa kila fremu, na vipande vya akili mnemba vimejifunza kutoka kwa picha za namna hiyo. Simu iliyoachwa ijiamulie mchana wa Dar inaweza kufunga shata kwa sehemu ya elfu moja ya sekunde au chini ya hapo. Kila tone la maji linaonekana limekatwa kwa wembe na kila mkono umeganda. Hakuna rangi utakayopaka baadaye itakayofanya picha hiyo ikae vizuri karibu na kipande chenye mfifio laini. Kwa hiyo shata inafungwa kwa mkono kwenye 1/50. Jikoni karibu na dirisha mwanga huwa unaruhusu. Barazani mwanga utazidi, na simu yenye tundu la lenzi lisilobadilika haina pa kuupunguzia isipokuwa kwa kichujio cheusi mbele ya lenzi. Kama simu ilikuwa inataka 1/1600, kichujio cha ND32 kinaishusha hadi 1/50, kwa kuwa kinaukata mwanga nusu mara tano. Vichujio hivi vya kubana kwenye simu vinauzwa, na kwa kazi hii vina manufaa kuliko taa za duara zinazopendwa na wengi.

Namba 1/50 ina faida ya pili kwetu. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda una mawimbi 50 kwa sekunde, na taa nyingi za nyumbani hupepesa mara mbili ya hapo, yaani mara 100. Shata ya 1/50 inameza mapepeso mawili kamili kila mara, hivyo mwanga unabaki tulivu. Shata ya 1/60, ambayo miongozo mingi ya Marekani huipendekeza kwa sababu umeme wao una mawimbi 60, inameza moja na ziada, na picha inaanza kupitiwa na mistari au kupumua. Kipande cha kubuniwa hakina taa inayopepesa. Kikikaa karibu na kile chenye kupepesa, tofauti inajitangaza.

Bado tuko siku ya kupiga, na sasa ni mwanga wenyewe. Zana za kubuni zina mapenzi makubwa na jua la machweo: miale mirefu ya dhahabu, kivuli kinacholala, nywele zinazong'aa pembeni. Usipoiambia chochote, alfajiri yako ya Pemba itakuja na jua hilo, na mara nyingi hata adhuhuri itakuja nalo. Sisi tuko karibu na ikweta. Dar iko kama nyuzi 7 kusini, jua linapanda karibu wima na kuzama karibu wima, na ule muda wa mwanga wa dhahabu unapita upesi kuliko Ulaya au Amerika ya Kaskazini, zilikotoka nyingi ya picha zilizozifunza zana hizi. Saa sita mchana kivuli cha mtu kiko miguuni mwake. Tangazo likionyesha baraza lenye kivuli kifupi kikali, kisha shamba lenye kivuli cha mita kumi, mtazamaji wa pwani hatahitaji kufundishwa kwamba hizo si siku moja.

Kwa tangazo letu, uamuzi ni kuuepuka mchana. Vipande vya jikoni vinapigwa asubuhi, mwanga ukiingia dirishani kutoka kushoto bila jua kugusa meza moja kwa moja. Baraza linapigwa kama saa kumi na moja jioni, jua likiwa tayari nyuma ya nyumba, mahali pote pakiwa na mwanga laini usio na kivuli kikali. Kisha kila agizo linaloandikiwa zana ya kubuni linataja mwanga huohuo: laini, kutoka kushoto, bila miale, bila kung'aa pembeni. Shamba la Pemba linaombwa likiwa chini ya mawingu mepesi. Mwanga wa mawingu ni rafiki mkubwa wa kazi hii, kwa sababu hauna upande, na kisicho na upande hakiwezi kupingana na jirani yake.

Kuna kosa moja la mipangilio ya simu linaloharibu kazi nzuri kabla haijaanza. Tangu iPhone 12 ya mwaka 2020, simu hizo hurekodi video za HDR, na simu kadhaa za Android zinaweza kufanya hivyo pia. Video ya namna hiyo imebeba mwangaza mpana kuliko wa kawaida, ilhali vipande vya akili mnemba kwa kawaida huja na mwangaza wa kawaida. Vikiwekwa pamoja, jiko litang'aa kwenye kioo kama mtu aliyewasha taa, kisha kipande cha kubuniwa kitaonekana kimefifia. Au programu isiyoelewa HDR italifanya jiko liwe jeupe lililochuja. Kwenye iPhone zima HDR Video ndani ya mipangilio ya kurekodi video, na piga kazi yote bila hiyo. Funga pia mizani ya rangi nyeupe kabla ya kurekodi, vinginevyo simu itabadilisha rangi ya ukuta kila mkono wenye kanga nyekundu unapopita mbele yake, nawe utakuwa unakilinganisha kipande cha kubuniwa na kitu kisichotulia.

Sasa tuje kwenye vipande viwili vya kubuniwa. Wengi huandika maneno na kusubiri video itoke. Njia inayofaa zaidi kwa tangazo la mseto ni kuipa zana picha, kisha kuiomba ihuishe picha hiyo. Veo, Kling ya kampuni ya Kuaishou na Runway zote zinapokea picha kuwa fremu ya kwanza. Faida yake ni kubwa. Picha ikiwa imetoka kwenye simu ileile, jikoni palepale, asubuhi ileile, kipande kinachozaliwa kinaanza na rangi, mwanga na lenzi ya tangazo lako. Hakuna haja ya kuviigiza kwa maneno.

Kwa kipande cha kinu, basi, mwenye biashara anakilaza kinu chake karibu na dirisha, anaisogeza simu mdomoni mwa kinu hadi inapoweza kuona vizuri, anatupia iliki na vijiti vya mdalasini ndani, na kuchukua fremu moja safi kutoka kwenye video hiyo. Fremu itoke kwenye video, si kwenye picha ya mnato, kwa sababu simu huzichakata picha za mnato kwa namna nyingine: huongeza ukali, huinua vivuli, hubadilisha rangi. Tofauti hiyo ndogo itabaki kwenye kipande chote kitakachozaliwa. Kisha agizo linakuwa fupi na la kawaida: kamera imetulia, punje zinaanguka kuelekea lenzi, vumbi dogo la viungo linaruka, kila kitu kinaonekana wazi kutoka mbele hadi nyuma, ni video ya simu. Maneno yanayoashiria sinema yasiwepo kabisa, kwani yanaleta nyuma iliyofifishwa sana, rangi ya machungwa kwenye ngozi na kijani cha bahari kwenye vivuli. Simu kwa lenzi yake kuu haififishi nyuma kiasi hicho, na kina cha picha kikibadilika ghafla mtazamaji anajua kamera imebadilika.

Shamba la Pemba ni gumu zaidi, na hapa nina msimamo. Ukiomba shamba la mikarafuu kwa maneno tu, utaletewa miti mizuri ya mahali pasipojulikana. Mara nyingine utaona karafuu za kahawia zikining'inia mtini. Anayeujua mkarafuu anajua kwamba vikonyo huchumwa vikiwa vya kijani au vimeanza kuwa vyekundu, kabla maua hayajafunguka, na rangi ya kahawia huja baada ya kuanikwa juani juu ya jamvi. Kosa hilo moja linatosha kumfukuza mnunuzi anayejua viungo, ambaye ndiye hasa unayemtaka. Kwa hiyo pasipo uwezo wa kusafiri, tafuta picha ya kweli. Ndugu au msambazaji aliye Pemba apige video fupi ya simu, shamba likiwa chini ya mawingu asubuhi, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kitu, naye aitume WhatsApp kama hati badala ya video ya kawaida. Ikitumwa kama video ya kawaida inabanwa, na kinachofika ni vipande vya mraba vinavyotetemeka kwenye majani. Kutoka kwenye video hiyo unatoa fremu moja, unaipa zana, na kuomba jambo moja tu: ukungu upite polepole, majani yatikisike kidogo, kamera isisogee. Miti ni ya Pemba kweli. Kilichobuniwa ni hali ya hewa.

Zana itakupa kipande cha sekunde 8, au 5, au 10 kutegemea ni ipi. Usikitumie chote. Mwanzoni kabisa huwa kuna kusitasita, kana kwamba picha inaamka, na mara nyingi rangi inaruka kidogo kati ya picha uliyoitoa na fremu za mwanzo za video. Mwishoni mambo hulegea: majani yanayeyuka na kuwa majani mengine, mti wa nyuma unapata tawi ambalo halikuwepo, rangi zinakolea. Sehemu nzuri iko kati, kwa kawaida kuanzia nusu sekunde hadi kama sekunde ya tatu. Tangazo letu linahitaji sekunde 2 za kinu na sekunde mbili na nusu za shamba, nazo zinapatikana. Anayetaka sekunde nane mfululizo za shamba anatafuta matatizo. Pima kwa kutazama pembe za picha badala ya katikati, maana zana huonekana kutunza kitu kikuu na kupoteza umakini pembezoni.

Baada ya hapo ndipo uhariri unaanza, na ukiwa umefuata hatua zilizotangulia, ni kazi ndogo. Weka kipande cha kubuniwa karibu na fremu halisi iliyokizaa, vyote viwili vikionekana kwa wakati mmoja. Hicho ni kipimo ambacho anayetumia maneno matupu hana, kwa kuwa unajua hasa picha ilipaswa kuwaje. Kwanza ondoa rangi kabisa na utazame kwa nyeusi na nyeupe. Linganisha sehemu nyeusi zaidi, kisha nyeupe zaidi, kisha ngozi au mbao zilizo kati. Simu huinua vivuli ili kila kitu kionekane, ilhali kipande cha kubuniwa mara nyingi hurudi na weusi mzito. Inua weusi huo hadi ufanane na wa jikoni. DaVinci Resolve, ambayo ina toleo la bure la kompyuta, huonyesha grafu ya mwangaza, na ukiona mawimbi ya vipande viwili yanaishia kimo kimoja chini na juu, umefika. Mwangaza ukishakaa ndipo rudisha rangi. Rekebisha joto lake, na mwisho kabisa punguza ukolevu kidogo kwenye kipande cha kubuniwa. Mpangilio huo una maana, kwa sababu rangi ikishughulikiwa kabla ya mwangaza, kila ukiinua kivuli rangi itabadilika tena.

Kisha kuna umbile la picha. Simu ina chengachenga ndogo zinazocheza kwenye vivuli, na juu yake ina ukali wa kulazimisha unaoacha mstari mweupe pembeni mwa vitu. Kipande cha kubuniwa ni laini kama nta. Wengi hukiongezea ukali ili kiifikie simu, na matokeo yake ni plastiki yenye kingo. Fanya kinyume: lainisha simu kidogo. Ukiwa umerekodi kwa 4K na kushusha hadi 1080 kwa 1920 kwa ajili ya kioo cha wima, kazi kubwa imeshafanyika yenyewe. Halafu tandaza tabaka moja la chenga laini juu ya tangazo lote kuanzia fremu ya kwanza hadi ya mwisho, lisiwe kwenye vipande vya kubuniwa peke yake. Kinachounganisha ni kwamba chenga hazikatiki pale picha inapokatika. Ziwe kidogo sana. Mitandao hubana video upya inapopakiwa, na chenga nyingi hugeuka kuwa mabonge ya mraba.

Sauti ni kama uzi wa fundi cherehani: ikipita bila kukatika chini ya vipande vyote, mshono unashikana hata pale vitambaa vinapotofautiana. Siku ya kupiga, rekodi angalau nusu dakika ya jiko likiwa kimya, yaani hewa yake, kuku wa jirani, bodaboda ya mbali. Itandaze chini ya tangazo lote. Sauti iliyokuja na kipande cha kubuniwa itupe. Kwenye mpito wa kuingia shambani, acha sauti ya sufuria linalochemka iendelee kama sekunde moja baada ya picha kubadilika, na kwenye mpito wa kutoka, sauti ya kikombe kikiwekwa mezani ianze kabla baraza halijaonekana. Sikio likiwa limeshavuka, jicho linalifuata.

Mahali pa kukata pia pana uzito wake. Mvuke wa kikombe ukijaza fremu na kuwa mweupe, kisha ukungu wa Pemba ukaanza ukiwa mweupe vilevile, mtazamaji anavuka bila kuona ukingo. Mvuke wenyewe, hata hivyo, usiubuni. Chai ya moto ikiwekwa mbele ya ukuta wenye giza, dirisha likiwa nyuma yake kidogo kwa upande, mvuke unaonekana vizuri sana kwa simu yoyote. Kila kinachoweza kupigwa kipigwe.

Viko vitu ambavyo sioni sababu ya kuviacha mikononi mwa zana hizi hata zinavyozidi kuwa bora. Pakiti yenyewe ni cha kwanza. Maandishi madogo ya lebo hupinda na kugeuka herufi zisizosomeka, na hata yasipopinda, mnunuzi ana haki ya kuona bidhaa atakayoipokea, kwa ukubwa wake na rangi yake. Kanga nayo ina jina lake lililoandikwa, na zana ikilichezea jina hilo hakuna Mswahili asiyeona. Sura ya mtu yuleyule kuonekana mara moja kwa simu na mara nyingine kwa kubuniwa ni hatari zaidi, maana tunazijua nyuso kuliko tunavyojua kitu kingine chochote, na upana wa pua ukibadilika kidogo tu tunashtuka. Pia mtu aliyekubali kupigwa akinywa chai hakukubali sura yake itengenezewe matendo ambayo hakuyafanya. Mnywaji barazani, kwa hiyo, ni wa simu peke yake, na kabla na baada yake hakuna kipande cha kubuniwa chenye mtu.

Tangazo likikamilika, usijiamini kulihukumu mwenyewe, kwa sababu unajua kila kilipo. Litazame kwanza bila sauti, kwa kasi ya kawaida, kwenye simu ya bei nafuu yenye kioo cha kawaida, kwani huko ndiko wengi watakakoliona. Kisha mpe mtu asiyejua lolote. Usimwulize kama ameona akili mnemba, maana swali hilo litamfanya aitafute kila mahali. Mwulize tu ni wapi alihisi kitu kimebadilika. Akitaja shamba kwa sababu ni mahali pengine, sawa, hilo ndilo ulilolitaka. Akisema kuna sehemu picha ilikuwa safi sana, rudi kwenye ulaini na chenga. Akisema kuna sehemu ilikuwa kama ndoto, mara nyingi kosa ni mwendo wa kamera: kipande cha kubuniwa kinateleza ilhali vya simu vimetulia au vinatikisika kwa mkono. Kwa sababu hiyo tangazo letu limepigwa lote simu ikiwa kwenye stendi, na kwa zana tumeomba kamera iliyotulia. Aliyepiga kwa mkono anaweza kukiongezea kipande cha kubuniwa mtikisiko mdogo kwenye programu ya kuhariri, lakini mtikisiko wa mashine huwa na mdundo unaojirudia, na mkono wa mtu hauna.

Limebaki suala la kusema ukweli. Kufanya maungio yasionekane kunahusu macho ya mtazamaji yasisumbuliwe, na ni jambo tofauti na kumficha kilichobuniwa. TikTok inawataka wanaopakia wataje maudhui yenye sura ya kweli yaliyotengenezwa kwa akili mnemba, na swichi yake, AI-generated content, iko kwenye chaguo za ziada kabla ya kuchapisha. Google huweka alama isiyoonekana iitwayo SynthID ndani ya video za Veo, hivyo asili ya kipande inaweza kutambuliwa hata kama aliyekipakia hakusema. Ningeiwasha swichi hiyo kwa tangazo letu ingawa sekunde zilizobuniwa hazifiki tano. Ningeongeza sentensi moja kwenye maelezo ya chini: kinu na viungo ni vya dukani, miti ni ya Pemba, viungo vinavyoanguka na ukungu vimetengenezwa kwa kompyuta. Na kama mteja akiuliza dukani karafuu zinatoka wapi, jibu liwe lilelile lililoko kwenye picha. Ikiwa karafuu zinatoka Unguja au Morogoro, basi shamba la Pemba litoke kwenye tangazo, hata kama ndicho kipande kilichokaa vizuri kuliko vyote.